Kasha la diski ya nje limekufa lakini diski nzima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu hasa diski za nje za mezani, zile za inchi 3.5 zenye adapta yake ya umeme. Ndani ya kasha la plastiki mna diski ya kawaida ya SATA, na kwenye meno yake pamechomekwa bodi ndogo inayopokea umeme wa adapta na kutafsiri SATA kuwa USB. Hiyo tunaiita bodi ya daraja. Ikifa, kompyuta haioni chochote, na mwenye diski hudhani data imekwenda. Mara nyingi data ipo salama. Hatari kubwa huja baadaye, diski inapohamishiwa kasha jingine na Windows ikaomba iifomati.

Nitajuaje kwamba kilichokufa ni bodi na si diski?

Anza na adapta, kwa sababu ndiyo rahisi kupima na ndiyo hufa kwa wingi, hasa mahali ambapo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo. Weka multimita kwenye volti za DC, gusa ndani ya plagi kwa waya mwekundu na nje kwa mweusi. Adapta ya volti 12 isomeke kati ya 11.4 na 12.6. Kusoma 12 bila mzigo hakuitoi lawamani moja kwa moja. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta hadi ampea 2 hivi, na adapta iliyochoka huporomoka wakati huo huo. Utasikia diski ikianza kuzunguka, ikizimika, ikianza tena. Jaribu adapta nyingine ya volti 12 na ampea 2, yenye plagi ya ukubwa ule ule na chanya katikati kama mchoro ulio kwenye kasha unavyoonyesha. Adapta ya laptopu ya volti 19 isikaribie kabisa. Inaweza kuunguza bodi ya daraja na bodi ya diski yenyewe kwa mpigo mmoja, na hapo shida inakuwa nyingine.

Kama adapta ni nzima, badilisha kebo ya USB, kisha tundu la kompyuta. Baada ya hapo sikiliza. Diski inayozunguka kwa sauti tulivu bila kugonga, huku kompyuta haioni kitu, inaelekeza kidole kwenye bodi ya daraja. Taa isiyowaka na diski isiyozunguka kabisa ingawa adapta ni nzima pia humaanisha bodi mara nyingi, ila hapo bodi ya diski nayo haijaondolewa kwenye orodha ya washukiwa. Kwenye Linux, bodi inayokufa huacha alama kama hii unapoandika `sudo dmesg`:

```
usb 2-1: device descriptor read/64, error -71
```

Mstari huo unasema kompyuta imeshindwa hata kuijua bodi ya USB, bado haijafika kwenye diski. Kinyume chake, sauti ya tik-tik-tik inayojirudia, au mlio wa injini inayotaka kuzunguka ikashindwa, ni ugonjwa wa diski. Usifungue, usiendelee kuiwasha. Kasha jipya halitasaidia.

Je, kila diski ya nje inaweza kuhamishwa?

Hapana. Zile za mezani za inchi 3.5 karibu zote zina diski ya SATA ndani. Ndogo za inchi 2.5, zisizo na adapta, ndizo zenye mtego: nyingi za WD, kama My Passport, zina tundu la USB lililochomelewa kwenye bodi ya diski yenyewe. Hakuna bodi ya daraja ya kuchomoa wala meno ya SATA ya kuchomeka kwingine. Ukifungua ukakuta hivyo, usinunue kasha. Kama tundu la USB limelegea au kung'oka, fundi anayechomelea saketi ndogo anaweza kulirudisha. Kama bodi imeungua, ni kazi ya kubadilisha bodi na kuhamisha chipu ya ROM yenye vipimo vya diski hiyo hiyo. Kazi hiyo si ya mezani nyumbani.

Unaweza kukagua kabla ya kununua chochote. Meno ya SATA ni safu mbili bapa zilizo kando kwa kando: fupi ya pini 7 kwa data na ndefu ya pini 15 kwa umeme.

Ninafunguaje kasha bila kuvunja kitu?

Chomoa umeme, subiri nusu dakika sahani za ndani zisimame, kisha ndipo usogeze kasha. Makasha mengi ya mezani hayana skrubu kwa nje, yameshikwa na vibano vya plastiki. Tafuta mstari wa kiungo, ingiza kadi ya zamani ya simu au ya benki, na uitelezeshe ukisikiliza kibano kimoja kimoja kikiachia. Bisibisi huacha makovu na ikiteleza huchimba bodi ya diski, kwa hiyo kadi ni bora. Dhamana, kama bado ipo, huenda ikaisha hapo, basi amua kwanza kipi una haja nacho zaidi.

Diski itatoka pamoja na mipira minne ya kuzuia mtikisiko. Bodi ya daraja hushikwa na skrubu moja au mbili, na wakati mwingine na utepe wa alumini. Ondoa skrubu, kisha vuta bodi kwa kunyoosha, sambamba na diski. Usiikunje juu wala chini: ulimi wa plastiki ulio ndani ya meno ya SATA ni mwembamba, na ukivunjika umejitengenezea tatizo ambalo hukuwa nalo.

Gusa chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kushika diski, na uishike ubavuni. Skrubu za mfuniko wa diski yenyewe haziguswi kamwe. Bodi ya zamani usiitupe hata kama imeungua. Piga picha maandishi ya chipu kubwa iliyo juu yake, kwa sababu huenda yakaamua kila kitu, kama tutakavyoona.

Ninunue kasha la aina gani?

Kwa diski ya inchi 3.5 unataka kasha au stendi ya SATA yenye adapta yake ya volti 12, ampea 2 au zaidi. Kebo nyepesi ya USB kwenda SATA isiyo na adapta ni ya inchi 2.5 tu, haina volti 12, na bila hizo injini ya diski kubwa haizunguki.

Jambo la pili ni ukomo wa uwezo. Bodi za zamani huhesabu sekta, yaani vipande vidogo ambamo diski huhifadhi data, hadi kiasi cha TB 2.2 tu, zaidi ya hapo zinaanza upya. Diski ya TB 3 kwenye bodi hiyo huonekana Windows kama GB 746. Ukiona namba hiyo, zima na utafute kasha jingine. Diski haina kosa. Muuzaji akuonyeshe kwenye boksi kwamba kasha linabeba TB 4 au zaidi.

Kama una kompyuta ya mezani yenye nafasi ya SATA, ni njia nzuri kuliko kasha lolote kwa kazi ya kwanza ya kuokoa data, kwa kuwa hakuna mtafsiri katikati. Ila kuna jambo moja la kujua: baadhi ya diski zilizotolewa kwenye makasha ya WD hukataa kuzunguka zikipewa umeme wa kompyuta, kwa sababu pini ya 3 ya umeme wa SATA inapobeba volti 3.3 huipa diski amri ya kuzima. Tumia kigeuzi cha umeme kutoka plagi ya Molex ya pini 4, ambayo haina volti 3.3. Kwenye makasha ya USB tatizo hili huwa halijitokezi.

Nimehamisha, diski inazunguka, lakini Windows inasema `You need to format the disk`. Data imepotea?

Bado. Hapa ndipo watu hupoteza data iliyokuwa nzima, kwa kubonyeza kitufe kimoja. Bonyeza `Cancel`. Disk Management ikileta `Initialize Disk`, nayo ni `Cancel`. Usiendeshe `chkdsk`. Programu hiyo ikisoma mfumo wa mafaili kwa vipimo visivyo vyake itaandika "marekebisho" juu ya data sahihi.

Sababu zinazowezekana ni mbili kuu: ukubwa wa sekta umebadilika, au bodi ya zamani ilikuwa ikisimba data, yaani kuifunga kwa ufunguo wa siri. Tuanze na ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayotibika nyumbani.

Ukubwa wa sekta unabadilikaje wakati diski ni ile ile?

Diski hupokea maombi kwa sekta za baiti 512. Windows XP ilitumia jedwali la patisheni la MBR, ambalo kwa sekta za 512 haliwezi kupita TB 2.2. Diski za nje za TB 3 zilipoingia sokoni, watengenezaji waliweka suluhisho ndani ya bodi ya daraja: bodi inafunga sekta nane kuwa moja na kuiambia kompyuta kwamba sekta ni za baiti 4096. Kwa hesabu hiyo MBR inatosha, na XP inaona diski yote. Makasha mengi ya mezani ya TB 3 na zaidi, ya WD na ya Seagate, yalitoka kiwandani hivyo.

Ukiiondoa bodi hiyo, namba zilizoandikwa kwenye jedwali zinabaki zile zile lakini kipimo kimebadilika. Ni kama mtu aliyeandika "hatua 256 kutoka mlangoni" akimaanisha hatua za mtu mzima, halafu zikahesabiwa na mtoto. Kompyuta inasimama mahali pasipo na kitu, inasoma uchafu, inasema diski haijafomatiwa.

Nithibitishe vipi kwamba ndiyo hali yangu?

Tuchukue diski ya TB 3 iliyotolewa kwenye kasha la namna hiyo na kuunganishwa moja kwa moja na SATA. Ina baiti 3,000,592,982,016, ambazo Windows huziita GB 2794. Disk Management itaonyesha patisheni moja ya GB 349 hivi, aina ya RAW, na eneo lililobaki kama `Unallocated`. Gawanya 2794 kwa 8, utapata 349. Uwiano huo wa moja kwa nane ndio saini ya tatizo.

Kwa uthibitisho kamili, washa kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi, Ubuntu inatosha, bila kuisakinisha. Andika `lsblk` ujue diski yako inaitwaje. Hapa tuseme ni `/dev/sdb`. Amri ya `sudo fdisk -l /dev/sdb` itaonyesha patisheni ikianza sekta ya 256. Kwa sekta za 4096, hiyo ni baiti 1,048,576, yaani MB 1 kamili, ambapo patisheni nyingi za kisasa huanzia. Kwa sekta za 512, mahali hapo hapo ni sekta ya 2048. Basi nenda ukapasome:

```
sudo dd if=/dev/sdb bs=512 skip=2048 count=1 | hexdump -C | head -n 1
```

Ukiona mstari huu, pumua:

```
00000000  eb 52 90 4e 54 46 53 20  20 20 20 00 10 01 00 00  |.R.NTFS    .....|
```

Neno NTFS linasema mfumo wa mafaili upo na haujasimbwa. Baiti mbili zinazofuata nafasi tupu, `00 10`, ni ukubwa wa sekta ukiandikwa kinyumenyume: heksa 1000, yaani 4096. Kwa diski ya kawaida ungeona `00 02`, yaani 512.

Kama kasha lilitumia GPT, jedwali la patisheni la kisasa zaidi, badala ya MBR, dalili hubadilika kidogo. Kichwa cha GPT hukaa sekta ya 1, na sekta ya 1 imehama kutoka baiti 4096 kwenda baiti 512, hivyo kompyuta inabaki na patisheni ya ulinzi tu isiyofunguka.

Nifanye nini ili mafaili yaonekane?

Mpe Linux kipimo cha zamani. Amri hii inatengeneza diski ya kivuli yenye sekta za 4096 juu ya diski halisi, kwa kusoma tu, bila kuandika hata baiti moja:

```
sudo losetup --find --show --read-only \
  --partscan --sector-size 4096 /dev/sdb
```

Itajibu jina, kwa mfano `/dev/loop5`. Kisha:

```
sudo mount -o ro /dev/loop5p1 /mnt
```

Fungua `/mnt`, nakili kila kitu kwenda diski nyingine. Njia hii inafaa kwa MBR na GPT. Ikidai kwamba NTFS haikufungwa vizuri mara ya mwisho, hilo ni kawaida kwa diski iliyokufa ghafla. Kwa kusoma tu inakubali.

Kwa asiyetaka Linux, kuna njia ya kununua: kasha ambalo bodi yake nayo huonyesha sekta za 4096. Baadhi ya makasha na stendi hufanya hivyo kwa diski kubwa, ila maboksi hayasemi, basi omba ujaribu dukani kabla ya kulipa. Kwenye PowerShell, amri hii inatoa jibu:

```
Get-Disk | Select Number,FriendlyName,Size,LogicalSectorSize
```

Kuna wanaoshauri kusahihisha jedwali la patisheni ili lilingane na 512. Hatupendekezi. Unaandika kwenye diski yenye nakala pekee ya data yako, na kwa Windows mara nyingi haitoshi, kwa sababu NTFS yenyewe imejiandikia 4096 ndani yake kama ulivyoona.

Sikuona NTFS, nimeona herufi ovyo tu. Maana yake nini?

Angalia sekta ya kwanza kabisa kwa `sudo dd if=/dev/sdb bs=512 count=1 | hexdump -C`. Kwa diski isiyosimbwa, sekta hiyo huishia na `55 aa`. Ikiwa hapo pia ni vurugu, na diski ilitoka kwenye WD My Book, jibu linalowezekana zaidi ni usimbaji wa bodi. Bodi hizo husimba kila kitu kwa AES hata kama mwenye diski hakuwahi kuweka nenosiri. Hakuona ishara yoyote, kwa sababu bodi ilifungua yenyewe kila alipochomeka. WD Elements kwa kawaida hazina usimbaji huu, na ndiyo maana kujua jina la kasha ni muhimu.

Kuna alama nyingine: maeneo matupu ya diski, ambayo yangekuwa sifuri, yanaonyesha mstari ule ule wa baiti 16 ukijirudia maelfu ya mara. Hilo ni sifuri lililosimbwa.

Sasa itoe ile bodi ya zamani. Kwa chipu kama INIC-1607E, JMS538S au SW6316, ufunguo umehifadhiwa karibu na mwisho wa diski yenyewe, nao umesimbwa. Bodi nyingine nzima yenye chipu ile ile huweza kuusoma na kufungua data. Kwa hiyo tafuta kasha bovu la aina ile ile ambalo diski yake ndiyo iliyokufa. Mafundi wa kompyuta wa Kariakoo au Luthuli Avenue huweka mabaki kama hayo. Linganisha maandishi ya chipu, si rangi ya kasha. Bodi ikiuliza nenosiri, ni lile uliloweka wewe. Programu ya WD ikipendekeza kufuta diski ili kuanza upya, kataa: ufunguo utaandikwa upya na data haitarudi kwa njia yoyote. Kama bodi haipatikani, ipo programu huria iitwayo `reallymine` inayofungua familia kadhaa za chipu hizi kwenye Linux, mradi nenosiri linajulikana au halikuwepo. Ifanyie kazi nakala ya diski, isiwe diski yenyewe.

Nijuaje kama diski yenyewe ina afya kabla ya kuanza kunakili?

Ukishaiunganisha, sakinisha kifurushi cha `smartmontools` kama hakipo, kisha endesha:

```
sudo smartctl -d sat -a /dev/sdb
```

Tazama mistari ya namba 5, 197 na 198, safu ya mwisho kulia. Sifuri zote tatu, nakili kwa utulivu. Ya 197 ikiwa juu ya sifuri, kuna sekta ambazo diski inashindwa kuzisoma. Hapo nakili kwanza diski nzima kwa `ddrescue` kwenda diski yenye ukubwa sawa au zaidi, kisha fanya yote yaliyotangulia juu ya nakala. Ya 199 ikipanda, lawama ni ya kebo au meno ya SATA yaliyolegea.

Nikishanakili kila kitu, diski naweza kuendelea kuitumia kwenye kasha jipya?

Ndiyo, na sasa ndipo kufomati kunaruhusiwa. Hakikisha kwanza nakala inafunguka, fungua picha na video chache kutoka folda tofauti. Kisha ifute diski ikiwa ndani ya kasha itakamoishi, weka GPT, fomati. Ukubwa wa sekta utalingana na bodi hiyo mpya. Andika kwa kalamu ya alama juu ya diski ukubwa wa sekta ulioonyeshwa na kasha hilo, 512 au 4096, ili atakayeitoa siku bodi hii nayo ikifa asianze kubahatisha.